Kiwango cha Ijumaa

Mtu akikwambia hesabu haina huruma, mwambie hajawahi kukutana na watu wa kampuni yetu. Hesabu ni kitu kipole. Ukiiuliza swali inakujibu swali hilo hilo, na ukiuliza upuuzi inakupa upuuzi bila kukucheka. Wasio na huruma ni watu, na mmoja wao ni mimi.

Naitwa Cheptoo. Mwaka wa 1993 nilikuwa mhasibu msaidizi wa Sabwani, kampuni ya kusaga unga yenye ofisi kuu Kitale. Tulikuwa na vinu viwili. Kimoja kilikuwa hapo hapo nyuma ya ofisi, kipya, kinang'aa, wageni wakija wanapelekwa kukiona. Cha pili kilikuwa Bungoma, na huko mgeni hapelekwi. Rola zake za kusagia zilikuwa zimelika mpaka unga ukatoka na chenga, na wenye maduka wa Myanga na Webuye wakaanza kuurudisha. Meneja wake, Mzee Mukhisa, alikuwa ameandika barua nne akiomba mtambo mpya.

Mwezi wa Juni bodi ikamjibu. Ikasema itachagua moja kati ya mawili: kununua mtambo, au kufunga kinu cha Bungoma, kuuza kila kitu, na kuziweka pesa za mtambo kwenye hati za Hazina ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Watu tisini na watatu walikuwa wakila kwa kinu kile. Mkutano ukapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na mimi nikaambiwa niandae hesabu.

Sikuwa mgeni wa Bungoma. Nilipomaliza kidato cha sita mwaka wa 1986, nikisubiri chuo kikuu, baba yangu alinitoa kwetu Kachibora akanipeleka kwa Mzee Mukhisa, kwa sababu tu alikuwa amemuuzia mahindi miaka mingi. Mzee alinipa kazi ya mizani. Alinifundisha kushika mahindi mkononi nikajua kama yana maji, na kusikia mashine inapoanza kulalamika kabla haijaharibika. Aliniita mwanangu, na hakuwa mtu wa kuita watu ovyo. Kwa hiyo mtu asije akafikiri nilikichukia kinu kile. Nilikipenda. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka najiona mjinga mara mbili.

Sasa hesabu yenyewe. Mwaka wa 1988 mtaalamu mmoja alikuja kutoka Nairobi, akakaa wiki mbili kwenye hoteli nzuri, akatuachia fomu ya ukurasa mmoja. Fomu ilisema hivi. Tafuta riba ambayo mtu anaipata bila hatari yoyote, yaani ile anayolipa serikali. Kisha tazama soko la hisa kwa jumla linalipa ngapi kupita hapo. Tofauti hiyo inaitwa ziada ya soko, na ni kama ujira wa mtu kukubali kukosa usingizi kwa ajili ya pesa zake. Ziada hiyo uizidishe kwa beta ya biashara yako. Beta ni namba inayosema biashara inayumba kiasi gani soko likiyumba: ikiwa moja, inayumba sawa na soko; ikizidi moja, inayumba zaidi. Ukishazidisha, ujumlishe na ile riba ya serikali. Unachopata ndicho mwenye pesa ana haki ya kukitarajia. Mradi ukileta zaidi ya hapo, jenga. Ukileta pungufu, achana nao.

Beta niliitafuta mwenyewe, kutoka bei za miaka mitano za kampuni za unga na vyakula zilizokuwa kwenye soko la Nairobi, na ikatoka moja na robo. Soko, kwa jedwali letu la miaka kumi, lilikuwa limelipa wastani wa asilimia ishirini na nne kwa mwaka. Serikali katika miaka hiyo hiyo ilikuwa imelipa wastani wa kumi na sita. Ziada, nane. Nane mara moja na robo ni kumi. Kumi na sita na kumi ni ishirini na sita. Ungeniuliza mwaka wowote kabla ya huo, ningekujibu hivyo hata nikiwa nachambua sukuma wiki.

Mtambo mpya wa Bungoma, kwa hesabu za Mzee Mukhisa ambazo nilizipitia mstari kwa mstari, ungeleta asilimia thelathini na nne kwa mwaka, kwa miaka kumi na miwili.

Lakini kulikuwa na Gicheru, na kulikuwa na Ijumaa.

Gicheru alikuwa mhasibu mkuu, mkubwa wangu, mtu nadhifu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Mtaalamu wa Nairobi alikuwa amemwambia kwamba riba ya serikali haikisiwi, inasomwa. Gicheru akaishika kauli hiyo kama amri ya kanisa. Kila Ijumaa gazeti lilipofika Kitale, alikata kwa wembe kipande chenye matokeo ya mnada wa hati za Hazina za siku tisini na moja, akakibandika kwa gundi kwenye kona ya fomu. Kona hiyo ilikuwa imechorewa kisanduku. Fomu isiyo na kipande cha Ijumaa haikuwa fomu. Kwa miaka mitano haikuleta shida yoyote, maana riba ilikuwa ikitembea kati ya kumi na nne na kumi na saba, na Ijumaa hii ikafanana na ile.

Mwaka wa 1993 haukufanana na kitu. Pesa zilikuwa zimemwagwa nchini wakati wa uchaguzi, bei zikapanda kama zinakimbizwa, na serikali ikaanza kuzivuta pesa zirudi kwa kulipa riba ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Ishirini, thelathini, hamsini. Kipande alichokibandika Gicheru kwa ajili ya Bungoma kilisema sitini na mbili.

Jumatatu nikajaza fomu jinsi ilivyo. Riba ya serikali, sitini na mbili. Soko, ishirini na nne. Ziada ya soko: ishirini na nne toa sitini na mbili. Hasi thelathini na nane. Mara moja na robo, hasi arobaini na saba na nusu. Jumlisha na sitini na mbili: kumi na nne na nusu.

Nikaipeleka. Gicheru akatazama mstari wa mwisho tu.

"Kumi na nne na nusu. Na Bungoma wanaleta thelathini na nne," akasema. "Si hawa wamepita vizuri sana? Mpatie Jepchirchir achape."

Jepchirchir alikuwa karani wetu wa mashine ya kuchapa. Bado nasikia raha niliyoisikia nikitembea kwenda kwake. Mzee Mukhisa amepona! Lakini katikati ya ukumbi nikasimama, maana akili yangu ilikuwa imeanza kuitafuna ile namba. Kumi na nne na nusu? Serikali inalipa sitini na mbili bila hatari, halafu mtu akubali hatari ya kinu akitarajia kumi na nne na nusu? Fomu ilikuwa inasema kadiri biashara inavyoyumba ndivyo mtu anavyotaka kulipwa kidogo. Huo ni upuuzi. Hakuna mtu duniani anayelipia ukosefu wa usingizi. Kosa nililiona mara moja: tumetoa riba ya wiki hii kutoka kwa soko la miaka kumi iliyopita. Ni kumpima mtoto wa leo kwa kiatu cha babu yake.

Ningenyamaza. Hapa ndipo najitukana. Namba ilikuwa ya uongo, lakini ilikuwa inasema jambo la kweli, kwamba kinu kinafaa. Ningempa Jepchirchir karatasi, ningeenda kunywa chai, na watu tisini na watatu wangeamka Jumamosi wakiwa na kazi. Lakini mimi nilikuwa na shahada, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimechoka kuitwa msaidizi. Nikataka Gicheru ajue kwamba nimeona asichokiona.

Nikarudi. Nikamweleza kwamba ziada ya soko haiwezi kuwa hasi kwa mtu anayetazama mbele; kwamba tuchukue ziada ya miaka kumi, ile nane, kwa sababu vyote viwili, soko na serikali, vimepimwa katika miaka ile ile. Nilieleza vizuri, wacha nijisifu. Gicheru alikunja uso, akakunjua, akaniuliza maswali mawili ya maana, na Jumatano akakubali. Nane mara moja na robo, kumi. Jumlisha na kiwango cha Ijumaa.

Sabini na mbili.

Nilikaa nikiitazama namba hiyo. Nilikuwa nimerekebisha nusu ya kosa na kuiacha nusu. Ziada nimeiweka sawa, lakini chini yake bado nilikuwa nimeacha ile sitini na mbili, kwa sababu ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na katika ofisi ile kilichobandikwa hakiguswi. Sikuligundua hilo siku ile. Siku ile niliona tu kwamba nimesema kweli, na kwamba kweli imemuua Mzee Mukhisa.

"Pole," Gicheru akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini umefanya kazi safi. Hii nitamwambia Chairman ni mkono wako."

Jepchirchir akachapa kwenye stensili. Nakala saba, za wajumbe saba.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikaenda Bungoma kumwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa barua. Nilimkuta Mzee Mukhisa ndani ya kinu, koti jeupe, nyusi nyeupe, akimsaidia Zuena kushona magunia kwa sababu cherehani ya magunia ilikuwa imekufa tena. Zuena alikuwa mama wa watu, mjane, anaishi karibu na msikiti, na ndiye aliyekuwa kichwa cha wafungashaji wote. Aliponiona akapiga kigelegele.

"Mwanetu wa mizani! Ati wewe ndio unatuandikia barua ya mashine? Tumeokoka!"

Mzee Mukhisa akanitazama usoni, akaweka sindano chini, akanipeleka kwa ofisi yake.

Nikamweleza kila kitu. Serikali, soko, beta, sabini na mbili. Alisikiliza kwa utulivu, mikono juu ya meza, unga kwenye mistari ya vidole. Hakuwa msomi wa vitabu lakini alikuwa amenunua na kuuza kwa miaka thelathini.

"Hiyo sitini na mbili," akauliza, "serikali inalipa kwa muda gani?"

"Ni kwa mwaka, mzee."

"Hapana. Nauliza mtu akipeleka pesa leo, amefungiwa hiyo bei mpaka lini?"

"Siku tisini na moja."

"Na baada ya hapo?"

"Anaweka tena. Kwa riba ya siku hiyo."

"Itakuwa ngapi?"

"Hakuna anayejua."

Akakuna kidevu.

"Sasa mwanangu, mimi sielewi. Mashine yangu ni ya miaka kumi na miwili. Mnaishindanisha na kitu cha miezi mitatu. Mbona mnafanya hivyo?"

Kinu kilikuwa kinaunguruma nje ya dirisha na mimi nimekaa pale na shahada yangu. Mtu aliyenifundisha kushika mahindi alikuwa ameiona nusu ya kosa niliyoiacha, kwa maswali machache, bila kalamu.

"Ngoja, mzee," nikasema. "Ngoja kwanza. Usiwaambie watu kitu."

"Sitawaambia. Lakini wewe harakisha, bana. Kesho si ndio mkutano?"

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafungua ofisi. Nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya Jumatatu. Tuseme mwaka wa kwanza wote serikali inalipa sitini na mbili, jambo ambalo haliwezekani, lakini tuwape. Tuseme miaka kumi na mmoja inayobaki inarudi kwenye kumi na sita yake ya kawaida. Wastani wa miaka kumi na miwili: ishirini, ukikamilisha vijisenti. Ziada nane, beta moja na robo, kumi. Jumla, thelathini. Mtambo unaleta thelathini na nne. Kinu kinafaa. Hakipiti kwa mbwembwe kama kwenye karatasi ya Jumatatu, lakini kinapita kwa haki, na hata riba ikikaa juu mwaka wa pili kidogo, bado kinapita. Machozi yalinitoka. Nikaandika upya kwa mkono, safi, na sababu zote, nikamsubiri Gicheru mlangoni.

Alikuja na gazeti chini ya kwapa. Akasoma karatasi yangu akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena. Najua aliielewa, kwa sababu aliguna pale pa kuguna.

"Cheptoo," akasema pole pole. "Jumatatu umeniletea kumi na nne na nusu. Jumatano ukaniletea sabini na mbili. Leo Ijumaa, saa mbili unusu, unaniletea thelathini. Nikikupa mpaka Jumatatu, utaniletea ngapi?"

"Hii ndiyo ya kweli."

"Hata ya Jumatano uliniambia ni ya kweli. Ulinieleza nusu saa nzima."

"Nilikosea, bwana Gicheru. Ziada nilirekebisha, riba sikuigusa. Riba ya miezi mitatu haiwezi..."

"Nimeelewa." Alichukua wembe wake, akakata kipande cha Ijumaa hiyo, akakitazama, akacheka bila furaha. "Leo ni sitini na nne. Hata sabini na mbili yako imezeeka."

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ningependa sana awe mbaya. Alinichukua mpaka kwa mlango wa bodi, akaingia, akaomba nisikilizwe dakika tano. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Hiram, mkulima mkubwa wa mahindi, mzee wa kanisa, sauti nzito. Nakala saba zilikuwa tayari mbele yao, na nilijua bila kuuliza kwamba wote walikuwa wamesoma mstari wa mwisho peke yake.

Nikaeleza. Mzee Hiram akaningoja nimalize.

"Binti, serikali inatupa sitini na mbili tukiwa tumekaa tu. Wewe unataka tusage mahindi kwa thelathini na nne?"

"Serikali inatupa kwa miezi mitatu, mzee. Mtambo unatupa kwa miaka kumi na miwili."

"Miezi mitatu ikiisha tutaweka tena."

"Kwa riba itakayokuwepo siku hiyo. Itashuka. Hakuna nchi inayoweza kulipa hivyo miaka na miaka."

"Nani amekwambia itashuka?"

Sikuwa na kipande cha gazeti cha mwaka wa 1995 nikibandike kwenye fomu. Nilikuwa na wastani na akili za kawaida. Nikasema hakuna aliyeniambia.

Akainua nakala yake. "Hii karatasi ya Jumatano ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na ile bwana Gicheru anasema ulileta Jumatatu?"

"Wangu pia."

"Asante, binti. Umejitahidi. Enda ukakae."

Hakunitukana. Mjumbe mmoja hata alinionea huruma, akanisogezea glasi ya maji nikiwa nimesimama. Saa tano na robo waliinua mikono. Sita walitaka kufunga. Wa saba alikuwa amesinzia, wakamhesabu naye.

Nilipiga simu Bungoma kutoka mezani kwa Jepchirchir. Mzee Mukhisa akapokea, na kabla sijasema akajua, kwa sababu nilikuwa nalia na sikujua namna ya kulia bila kusikika. Akaniambia, "Basi, basi. Si wewe." Nilitamani anitusi.

Kinu kilifungwa mwisho wa Agosti. Mafundi walikuja kutoka Kisumu wakazing'oa rola na kuziuza kwa kilo. Oktoba hati za kwanza zilipoiva, wajumbe walichinja mbuzi, na Mzee Hiram akaniita nile nyama, akaniambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba hesabu yangu ya Jumatano ndiyo iliyowapa akili. Nilikula. Kile kipande cha ini sijakisahau.

Halafu riba ikaanza kushuka. Kila miezi mitatu waliweka tena, na kila mara kwa kidogo zaidi. Mwisho wa 1994 ilikuwa chini ya ishirini. Katikati ya 1995 ilikuwa kumi na sita na kitu. Wajumbe wakatazamana. Wakaanza kuuliza kama haingewezekana kuwa na kinu kingine upande ule wa Bungoma, kwa sababu watu wa Webuye mpaka Matulo walikuwa wakinunua unga wa wapinzani wetu. Nikafanya hesabu. Faida ya kutarajiwa, ishirini na sita, vile vile kama zamani. Lakini bei zilikuwa zimepanda kotekote, mtambo uleule ulikuwa umekaribia bei maradufu, na jengo lilitaka kila kitu upya. Mradi ukaleta kumi na tisa. Haukufaa. Safari hii nilikagua mara sita, nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete kwenye takataka. Halikuwepo.

Kitu kimoja kilibadilika. Gicheru aliandika waraka kwa bodi, na bodi ikaupitisha: kuanzia sasa riba ya serikali itakayotumika itakuwa wastani unaolingana na umri wa mradi, si kiwango cha wiki. Kile kisanduku cha kona kikaondolewa kwenye fomu. Jina langu liliandikwa kwenye waraka kwa shukrani, na mshahara wangu ukaongezwa.

Nikachukua nakala, nikaenda Bungoma. Nilijiambia nampelekea Mzee Mukhisa haki yake. Nilidhani itamfariji mtu kujua kwamba alikuwa sahihi.

Nilimkuta pale pale kwenye kinu. Kampuni ilikuwa haijapata mnunuzi wa jengo, na ilikuwa imembakiza yeye peke yake, alinde kuta. Alikuwa na koti kubwa la mlinzi na rungu. Ndani, sakafu ilikuwa na mashimo mahali rola zilipong'olewa, na njiwa walikuwa wameingia kwa dirisha. Tukaketi nje kwenye kibaraza. Aliniuliza habari za baba, nikamjibu. Nikamuuliza habari za Zuena.

"Yuko. Anauza uji stendi ya mabasi. Watu wengine walienda. Wengine sijui."

Nikamtolea waraka, nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu. Nikamwambia kwamba bodi yenyewe imekubali. Swali alilouliza siku ile ndilo lililokuwa sahihi, na kinu hakikuwa na kosa; kilikuwa kinapita, thelathini na nne dhidi ya thelathini.

Akaichukua karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kwa hivyo tulikuwa tunafaa."

"Mlikuwa mnafaa, mzee."

"Mimi niliwaambia hatufai." Hakunitazama. "Siku ile ya kufunga walinizunguka hapa wote, wananiuliza kwa nini. Nikawaambia mashine zetu zimezeeka, unga wetu mbaya, wenye pesa wamepima wakaona hatutoshi. Zuena alikataa. Alisema ati kuna kitu hapo. Mimi nikamkalia ngumu mpaka akakubali. Miaka miwili wameniamini. Hata mimi nilijiaminisha. Usiku nilikuwa napata usingizi." 

Nikasema, "Mzee, nilitaka ujue ukweli."

"Naona ulitaka." Alisimama, akaokota rungu lake, akaanza kuzunguka jengo tupu kama kazi yake inavyomtaka. Alipofika kona akageuka. "Sasa saa kumi na moja huyo mama atapitia hapa na uji wangu, kama kila siku. Kaa. Utamwambia wewe."